Kapu la WhatsApp bado si oda: ninavyopanga katalogi, lebo na majibu otomatiki kwenye biashara ya vitafunio

Mteja akikutumia kapu kutoka kwenye katalogi yako ya WhatsApp Business, unachopokea ni ujumbe tu. Una orodha ya bidhaa, idadi na jumla ya makadirio. Hakuna pesa iliyoingia, hakuna siku iliyotajwa, na mteja mwenyewe huenda alikuwa anapiga hesabu ya shughuli yake kabla hajaamua. Wauzaji wengi hapa Tanga ninaozungumza nao wanalichukua kapu kama oda kamili, wananunua nyama, wanakanda unga, halafu siku ya siku simu haipokelewi. Kwa anayepika, hasara hiyo huwezi kuirudisha dukani, kwa sababu sambusa iliyokwisha kukunjwa na kukaangwa haimsubiri mteja mwingine wa wiki ijayo.

Mimi nauza sambusa, katlesi, visheti na mkate wa kumimina kwa oda kutoka Ngamiani. Programu hii ni ya bure na wengi mnayo tayari kwenye simu, kwa hiyo sitaeleza namna ya kuifungua. Nitaeleza jinsi ninavyofanya kapu lipite hatua zake mpaka liwe oda ya kupikwa.

Kazi inaanzia kwenye katalogi. Usiandike sambusa kwa bei ya moja moja. Mwenye hitima anataka mia, na kubonyeza alama ya kuongeza mara mia hatafanya. Ataacha kapu na kuanza kukutumia ujumbe wa sauti. Weka kipimo unachopikia. Kwangu inasomeka "Sambusa ya nyama, vipande 20", sh 10,000. Katlesi vipande 20, sh 12,000. Visheti kilo 1, sh 8,000. Kwenye maelezo ya kila bidhaa naandika mambo mawili tu: ina nini ndani, na inahitaji taarifa ya muda gani kabla. Pale pa kuweka namba ya bidhaa naandika kifupi kama SN20, kwa sababu kuna mteja atakayepiga simu badala ya kuandika, na ni rahisi kuelewana.

Jambo lililonisaidia sana ni kuuweka usafiri kama bidhaa. Kapu halijumlishi nauli lenyewe, na ugomvi mwingi wa mlangoni unatokana na hiyo elfu tatu au tano ambayo mteja hakuihesabu. Kwa hiyo katalogi yangu ina "Bajaji: Chumbageni, Makorora", "Bajaji: Sahare, Raskazone" na "Bajaji: Pongwe", kila moja na bei yake na picha ya bajaji. Mteja anaweka kwenye kapu kama anavyoweka katlesi. Asipoweka, namuuliza mara moja kama atafuata mwenyewe.

Bidhaa usiyoipika wiki hiyo ifiche, usiifute. Ukifuta utapiga picha na kuandika upya, na kila bidhaa mpya inapitiwa kwanza na WhatsApp kabla wateja hawajaiona. Mapitio hayo ndiyo yanayowakwamisha baadhi ya watu: wanyama hai, pombe, tumbaku na dawa haviruhusiwi, kwa hiyo anayeuza kuku wa kienyeji wazima atakataliwa hata akibadilisha picha.

Sasa lebo, zile alama unazoweka kwenye mazungumzo ya mteja ujue yamefikia hatua gani. Programu inakuja na lebo zake tayari, za mteja mpya, oda mpya, malipo yanayosubiriwa, iliyolipwa na iliyokamilika. Unaweza kuzibadilisha majina, na unaruhusiwa kuwa na lebo 20. Kwa duka la nguo hizo za kwao zinatosha. Kwa mpishi hazitoshi, kwa sababu "iliyolipwa" haikuambii ukapike lini. Usiku wa Alhamisi swali ninalojiuliza ni moja: kesho napika nini? Lebo zinatakiwa zijibu hilo.

Kwa hiyo zangu ziko hivi. "Oda mpya" ni kapu lililoingia na sijalijibu. "Nasubiri advansi" ni mteja tuliyekubaliana siku na bei, nimemtumia namba ya malipo, pesa haijaingia. Baada ya hapo hakuna lebo ya kulipwa. Kuna lebo saba za siku, Jumatatu mpaka Jumapili, na lebo ya siku haiwekwi mpaka advansi iwe imeingia. Oda ya mbele zaidi ya siku saba inakaa kwenye "Wiki zijazo" nayo ikiwa na advansi, na Jumapili usiku nahamisha zile ambazo wiki yake imefika. Mwisho kuna "Nasubiri baki" na "Imekwisha". Jumla ni 12. Nikibonyeza "Jumamosi" naona watu waliokwisha kulipa ninaopaswa kuwapikia Jumamosi, na hakuna mwingine. Hapo ndipo nachukua daftari na kujumlisha kilo za nyama.

Kuna tahadhari mbili, na zote zinaonekana pale tu biashara inapochangamka. Ya kwanza, lebo mpya haiondoi ya zamani. Mazungumzo mamoja yanaweza kubeba "Nasubiri advansi" na "Jumamosi" kwa pamoja, na baada ya wiki mbili lebo zote zinakuwa na majina ya watu wale wale. Dalili yake ni hiyo: ukifungua "Nasubiri advansi" na kukuta mtu uliyekwisha kumpelekea mzigo, ujue unaongeza bila kutoa. Kila unapoweka ya hatua mpya, ondoa ya hatua iliyopita papo hapo, kwenye skrini ile ile. Ya pili, lebo haikumbushi. Haina tarehe ndani yake wala haipigi kengele. Lazima uwe na saa yako ya kuzifungua. Mimi ni baada ya Isha.

Tuchukue oda moja tuifuate. Mama mmoja wa Sahare alituma kapu Jumanne usiku: sambusa paketi 5, katlesi paketi 3, visheti kilo 2, bajaji ya Sahare sh 5,000. Sambusa 50,000, katlesi 36,000, visheti 16,000, na bajaji, jumla 107,000. Nikaweka "Oda mpya". Asubuhi nikamwandikia: "Shikamoo mama. Nimeona kapu lako. Ni ya siku gani na saa ngapi, na mzigo anaupokea nani?" Akajibu: "Marahaba mwanangu. Ni hitima ya Jumamosi, saa nane mchana ziwe zimefika. Atapokea mkwe wangu."

Nikaandika `/advansi`. Hilo ni jibu la haraka: unaandika mkwaju na neno ulilochagua, programu inaleta ujumbe uliouhifadhi. Wangu unasema advansi ni nusu ya chakula, ilipwe kabla ya Alhamisi saa kumi na mbili jioni, namba na jina litakalotokea ni hili, na oda isiyolipiwa kufikia muda huo haipikwi. Ujumbe uliohifadhiwa haujui jina wala kiasi cha mteja, kwa hiyo nimeacha nafasi yenye vistari na ninaijaza kabla ya kutuma. Kwake nikajaza sh 51,000, nusu ya 102,000 ya chakula. Lebo ikawa "Nasubiri advansi".

Alhamisi mchana akatuma picha ya muamala. Picha si pesa. Si kwa kumdhania vibaya mama wa watu. Ni kwamba picha inaweza kuwa ya muamala uliorudishwa au uliokwenda namba nyingine, na wapo pia wanaozitengeneza. Nafungua salio langu mwenyewe, nikiona imeingia ndipo lebo inahama. Ilikuwa imeingia. Nikaondoa "Nasubiri advansi", nikaweka "Jumamosi", nikamtumia `/nimepokea`. Ujumbe huo ni wa lazima kwa sababu mteja haioni lebo yako. Asipoambiwa atapiga simu mara tatu kuulizia.

Ijumaa asubuhi akaleta kapu lingine kwenye mazungumzo yale yale, katlesi paketi 2 za jirani yake, za Jumatatu. Hapa wengi wanajichanganya, maana mazungumzo tayari yana lebo ya Jumamosi. Lebo inaweza kuwekwa kwenye ujumbe mmoja badala ya mazungumzo yote. Bonyeza ujumbe wa kapu uushikilie, kisha chagua lebo. Kapu la pili likawa na "Nasubiri advansi" yake, la kwanza likabaki na Jumamosi. Jumamosi mzigo ulipofika, mkwe akalipa baki ya 56,000, nauli ikiwa ndani yake, kabla bajaji haijageuza, hivyo "Nasubiri baki" haikuhitajika, ikaenda moja kwa moja "Imekwisha".

Majibu otomatiki nimeyaweka mwisho kwa sababu ndiyo yanayotegemewa kuliko uwezo wake. Ujumbe wa makaribisho unakwenda kwa anayekuandikia mara ya kwanza, au aliyekaa siku 14 bila mawasiliano nawe. Mteja wako wa kila wiki haupati. Kwa hiyo ukibadilisha bei au namba ya malipo, usitegemee makaribisho yamfikishie habari. Wangu ni mfupi: salamu, kiungo cha katalogi, na ombi la kuandika siku na saa anayohitaji. Hilo ombi la siku na saa ndilo linalopunguza maswali ya kesho yake.

Ujumbe wa kutokuwepo unaupangia saa, au unaufungamanisha na saa za kazi ulizoweka kwenye wasifu. Uandike ukisema utajibu lini, na useme wazi kwamba kapu lililotumwa usiku halijathibitishwa mpaka ujibu wewe. Kuna sehemu ya kuchagua nani asiupate. Waondoe wa nyumbani, muuza nyama wako na dereva wa bajaji, kwani haipendezi shangazi anakuulizia mgonjwa usiku halafu anajibiwa saa za kufungua. Pia ujumbe huo unatoka simu ikiwa na intaneti tu. Bando likiisha au simu ikizimika, mteja hapati kitu, na yeye anadhani umemdharau.

Ramadhani badilisha saa hizo mapema, siku kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Oda za futari zinaingia usiku baada ya Tarawehe, wakati ambao kwa ratiba ya kawaida simu ingekuwa inajibu kwamba umefunga. Mimi kipindi hicho biashara naifunga asubuhi na kuifungua mchana mpaka saa sita za usiku, na ukomo wa advansi unahama kutoka jioni kwenda saa nne asubuhi ya siku ile ile, ili nibaki na muda wa kufika sokoni kabla jua halijawa kali.