Bili ya uzazi: uliza bei ya upasuaji kwanza

Hospitali ya kibinafsi hapa Nakuru imetuambia kujifungua ni 45,000 na upasuaji ni 120,000. Tutenge ngapi?

Tengeni ya upasuaji, kisha muulize hiyo 120,000 inaishia wapi. Kwa kawaida bei hiyo ina idadi ya siku, mara nyingi tatu. Tuseme mama amepasuliwa usiku, na siku ya tatu mtoto ana umanjano, anawekwa chini ya taa. Hapo mtoto anafunguliwa faili lake na bili yake. Kwa 8,000 kwa siku, siku mbili ni 16,000. Mama naye anabaki ili anyonyeshe: kitanda na daktari wa kumwona, 9,000 kwa usiku, ni 18,000. Dawa za kwenda nazo nyumbani, 5,000. Mmefika 159,000, na hakuna aliyewadanganya. Ulizeni pia kama daktari wa nusukaputi na wa watoto wamo ndani ya bei, maana kuna hospitali ambako kila mmoja huleta ankara yake. Mtake majibu kwa maandishi, mkiwa kliniki. Uchungu ukishaanza, hakuna anayesoma karatasi.

SHA si inalipa kila kitu?

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Hapana. Bima hiyo ya afya ya serikali hulipa 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, katika hospitali yenye mkataba nayo. Kwa hiyo ile 159,000 inabaki 129,000 mfukoni mwenu. Hospitali ya umma ndiko pesa hizo hukaribia kutosha. Na kujisajili si kulipa! Asiye na mwajiri hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na wa chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Lipeni mimba ikiwa changa.

Nibebe pamba na nepi?

Beba. Za wodini zitaingia kwenye bili.

Tukikosa pesa, wanaweza kumzuia mama?

Hawana haki hiyo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuia akina mama wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa sababu ya deni kulivunja haki zao. Hata hivyo bado inafanyika. Dada yangu alizuiwa siku tisa baada ya kuruhusiwa na daktari, na kila usiku kitanda kiliongezwa kwenye bili ileile aliyoshindwa kulipa. Tulikosea kungoja. Siku ile daktari anaporuhusu, hakikisheni tarehe imeandikwa kwenye faili, muone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, na mwandikiane namna ya kulipa kidogokidogo. Deni litabaki, lakini siku zinazofuata tarehe hiyo mna msingi wa kuzipinga.