Usiku wa Alhamisi ni wa nani? Maswali ya wanaochangia nyumba ya likizo

Tumekodi nyumba Diani, Alhamisi hadi Jumatatu, 24,000 kwa usiku. Wawili wanakaa siku zote nne, sisi wanne tunalala Ijumaa na Jumamosi tu. Mmoja anasema tugawe sawa, mwingine anasema tuhesabu usiku. Nani yuko sahihi? – Wa wikendi, Nairobi

Kugawa sawa tuliondoe kwanza. Jumla ni 96,000, kwa watu sita ni 16,000 kila mmoja. Nyinyi wanne mtatoa 64,000 kwa usiku mbili ambazo mwenye nyumba anawadai watu wote 48,000. Mngekodi peke yenu mngelipa pungufu ya hapo, tena bila kupigania bafu.

Yule wa kuhesabu usiku ana hoja, lakini "kuhesabu usiku" kuna njia mbili, na hapo ndipo marafiki wengi hukorofishana bila kujua kwamba wanazungumzia vitu tofauti.

Njia ya kwanza ni kujumlisha usiku za watu wote. Wawili mara nne ni nane, wanne mara mbili ni nane, jumla kumi na sita. 96,000 ukigawa kwa 16 unapata 6,000. Wa siku nne atatoa 24,000, wewe wa wikendi 12,000. Inavutia kwa sababu ni rahisi na kila usiku una bei moja. Sasa itazame vizuri. Wanne mara 12,000 ni 48,000, yaani bei kamili ya Ijumaa na Jumamosi. Wenzenu wawili wamelala humo usiku hizo zote mbili na hawajawapunguzia hata shilingi.

Njia ya pili, ninayoipendelea, ni kuupa kila usiku bili yake. Alhamisi walikuwa wawili, basi 24,000 ni yao, kila mmoja 12,000. Ijumaa mko sita, 4,000 kila mmoja. Jumamosi vivyo hivyo. Jumapili wanabaki wawili, tena 12,000 kila mmoja. Jumla yako ni 8,000, na kila mmoja wa wale wawili ni 32,000. Kama mwenye nyumba anatoza wikendi bei ya juu kuliko Alhamisi, kila usiku unabeba bei yake halisi. Huna haja ya kutafuta wastani.

Najua 32,000 kwa 8,000 inauma macho, na wale wawili watapiga kelele kwamba wamekaa mara mbili tu lakini wanalipa mara nne. Waulize peke yao wangelipa ngapi: 48,000 kila mmoja. Kuja kwenu kumewaokolea 16,000 kila mtu. Na Alhamisi walikuwa na nyumba nzima, vyumba vinne na baraza, wawili tu.

Wanahisabati nao walifika hapa zamani. Mwaka 1953 Lloyd Shapley alitoa kanuni ya kugawana kwa haki matokeo ya ushirikiano, na mwaka 1973 Littlechild na Owen wakaitumia kwenye gharama za njia ya ndege uwanjani: kila kipande cha njia kinalipiwa kwa usawa na ndege zinazokihitaji, na kile cha mwisho kabisa ni cha ndege kubwa peke yake. Weka usiku mahali pa kipande cha lami, hesabu inabaki ile ile.

Sisi pia tulikuwa na watu wa wikendi na wa siku nne, lakini mwenye nyumba alikataa kukodisha chini ya usiku nne kwa sababu ni Desemba. Bado watu wawili wabebe Alhamisi na Jumapili? – Mhazini asiye na raha

Hapana, na swali lako ndilo linalobadilisha kila kitu. Kabla ya kushika kikokotoo jiulizeni: kama hao wawili wasingekuja kabisa, tungelipia usiku ngapi? Mkijibu mbili, basi Alhamisi na Jumapili ziliongezwa kwa ajili yao na ni zao. Mkijibu nne, basi usiku hizo ni bei ya kuingia wikendi yenyewe. Wao wamelala tu kwenye kitanda ambacho kingekaa bure.

Kwa sharti hilo la usiku nne, mwenye ugumu angesema sote sawa, 16,000. Lakini wale wawili wamefaidi kitu halisi, na si haki wafaidi bila kuongeza chochote. Hapa ndipo ile njia ya kwanza, ya 6,000 kwa kila usiku wa mtu, inapata kazi yake. Kwa mfano wa Diani, wa wikendi anatoa 12,000, ambayo iko katikati kabisa ya 8,000 na 16,000. Mimi ningeichukua hiyo na kufunga mjadala.

Kuna hali nyingine inayofanana. Mtu akitangulia Alhamisi kwa sababu mmemtuma, apokee funguo, ahakikishe pampu ya maji inafanya kazi, anunue mitungi ya maji ya kunywa, huo usiku ni wa kundi lote. Usimtoze mtu kwa kuwahangaikia.

Nilisema nitalala usiku tatu. Jumamosi asubuhi nikaitwa kazini nikaondoka, nimelala mbili. Nirudishiwe ya tatu? – Aliyeitwa ghafla

Ya nyumba, hapana. Wenzako walikodi nyumba ya ukubwa ule kwa kukuhesabu wewe, na mwenye nyumba hakupunguza bei ulipoondoka. Usiku unaohesabika ni ule ulioahidi siku ya kulipa malipo ya kwanza yasiyorudishwa. Kabla ya hapo mtu anaweza kubadili mawazo bure. Kama mtu mwingine alichukua kitanda chako Jumamosi, alichotoa yeye ni chako.

Chakula ni kitu kingine. Usilipie samaki ambaye hukumla, isipokuwa kama alishanunuliwa.

Nilipanda treni ya usiku, nikafika alfajiri ya Ijumaa, nikavuka Likoni na kulala pale nyumbani mpaka saa sita mchana. Sasa wananihesabia usiku wa Alhamisi. – Msafiri

Wanakuonea kidogo. Usiku wako uliupitisha kwenye kiti cha treni na ukaulipia huko. Nyumba ilikuwa imeshakodiwa na wenzako, wewe ulijinyoosha tu. Lipia chai ya asubuhi na chakula cha mchana, yatosha.

Ingekuwa tofauti kama nyumba ingekuwa inaanza Ijumaa. Kawaida funguo hutolewa saa nane mchana, kwa hiyo kama mngeongeza Alhamisi makusudi ili watu wa treni wasikae na mabegi getini kuanzia alfajiri, usiku huo ungekuwa wenu nyote mliokuja na treni.

Mimi na mume wangu tuko chumba kimoja. Wengine wawili wana chumba kila mmoja na wanataka tulipe kwa vichwa. Ni haki? – Bi. Chumba Kimoja

Si haki kabisa, lakini kulipa kwa vyumba nako si haki, maana jiko, bwawa na baraza mnatumia kama watu wawili. Gawa bili ya usiku nusu kwa nusu: nusu kwa vichwa, nusu kwa vyumba. Chukua Ijumaa ile ile ya 24,000, watu sita, vyumba vinne, wanandoa jozi mbili na wapweke wawili. Nusu ya kwanza, 12,000, ni 2,000 kila kichwa. Nusu ya pili ni 3,000 kila chumba. Nyinyi wawili mnatoa 7,000 kwa pamoja, mpweke anatoa 5,000. Kwa vichwa tupu mngetoa 8,000 na yeye 4,000.

Kama chumba kimoja kina kiyoyozi na choo cha ndani na kingine kiko karibu na jenereta, msiingize hilo kwenye hesabu. Anayekitaka kile kizuri aseme ataongeza kiasi gani kwa usiku, na ongezeko hilo limpunguzie aliyeko karibu na jenereta.

Mpishi, usafi, chakula, tokeni za umeme na dipoziti, vyote tuviweke kwenye hesabu ya usiku? – Mwenye daftari

Mpishi, ndiyo. Analipwa kwa siku, basi siku ya watu wawili wanamlipa wawili. Ada ya usafi ni ya vichwa: nyumba inafagiliwa mara moja mwishoni, umelala moja au nne.

Chakula kihesabiwe kwa sahani. Bandika karatasi kwenye mlango wa friji, kila mlo mpishi au yeyote aandike waliokula wangapi, akina nani. Mwishoni, tuseme sokoni na kwa wavuvi wanaopita getini asubuhi na pweza zimetoka 27,000 na karatasi ina sahani 60. Kila sahani ni 450, aliyekula tisa anatoa 4,050. Vinywaji msivitie humo. Asiyekunywa bia hakubali hata siku moja, na ana haki yake.

Tokeni ndizo zinazoleta kelele, kwa sababu ya kiyoyozi. Kwenye karatasi ile ile andika namba ya yuniti zilizobaki kwenye mita mnapoingia, na tena kila asubuhi. Tofauti ya namba mbili, ukijumlisha tokeni mlizoingiza katikati, ni umeme wa usiku huo, na unalipwa na waliolala usiku huo. Ukikuta usiku wa watu wawili umekula yuniti nyingi kuliko wa watu sita, umeshajua viyoyozi vya vyumba vitupu viliachwa vikiunguruma.

Dipoziti isiingie kabisa. Si gharama, ni pesa iliyolala kwa mwenye nyumba. Kila mtu atoe sawa, irudi sawa, na aliyevunja meza ya kioo akatwe yeye.

Tumeshalipa wote, halafu mmoja anamleta binamu yake Jumamosi. Anasema atalala kwenye kochi, kwa hiyo halipi. – Tumechoka

Kochi liko ndani ya nyumba. Kwanza hakikisheni mkataba unaruhusu watu saba, maana wenye nyumba wengi hutoza kwa kila mgeni wa ziada, na tozo hiyo ni ya aliyemleta. Kisha Jumamosi igawanywe upya: 24,000 kwa saba ni 3,430 hivi. Binamu atoe hiyo, igawanywe kwa wale sita waliokwisha kulipa 4,000, kila mmoja arudishiwe kama 570. Kama binamu hana, mwenyeji wake ana.