Madogo, mlima hauna kapsheni ya jumla

Juzi dogo mmoja ofisini kaniletea kalenda ya maudhui ya mwezi mzima, kaimaliza kabla chai haijapoa. Posti ya kwanza: "Anza safari yako isiyosahaulika." Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi, tena nikalipwa.

1. Usimuulize ChatGPT ukiwa mikono mitupu. Ngoja niwape aibu yangu. Mteja alikuwa kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani, hapa hapa Moshi. Nikaandika mstari mmoja: "Nipe mawazo 30 ya posti za kampuni ya kupanda Kilimanjaro." Yakaja yote 30, yamenyooka, na kapsheni zake nikazibandika kama zilivyo. Posti ya tisa ilihusu njia ya Marangu: "Baada ya kutwa nzima ya kutembea, hema lako linakusubiri." Saa mbili asubuhi mwenye kampuni akapiga. Mzee yule alianza kama mpagazi. Hakufoka, aliuliza tu: "Mwanangu, umewahi kufika hata Mandara?"

Marangu wageni wanalala vibandani: Mandara, Horombo, Kibo. Mahema ni ya Machame na njia nyingine. Waongozaji wake walikuwa wameshajaza vicheko kwenye maoni. Jioni nikakuta kampuni nyingine ina kapsheni hiyohiyo, karibu neno kwa neno. Wala hawakuniibia. Chombo hiki huunga maneno yanayoelekea zaidi kufuatana. Ukikipa swali la kila mtu, kinakupa jibu la kila mtu.

2. Kilishe kwanza. Nilirudi kwa mzee kuomba radhi, nikaomba na meseji za wageni. Nikafuta majina na namba, nikabaki na maswali 40. Kilele hakikuulizwa sana. Waliuliza simu itachajiwa wapi, choo cha usiku kikoje, tipu za wapagazi zinatolewa lini. Nikayabandika na maelekezo haya:

```
Haya ni maswali halisi ya wageni.
Yapange makundi 5, kila kundi pembe 4 za posti.
Usiandike kapsheni. Usipojua kitu, niulize.
```

Zikaja pembe 20. Kila moja nikajiuliza: kampuni ya jirani ingeiposti bila kubadilisha kitu? Kama ndiyo, nikakata. Zikabaki sita, na sita zilitosha wiki tatu.

3. Kapsheni itoke kinywani mwa mtu. Ile ya choo nilimrekodi mpishi wao: "Taa ya kichwa lala nayo shingoni. Ukiianza kuitafuta begini saa nane usiku, vidole vishaganda." Nikaiandika alivyosema. Hakuna chombo kingenipa hiyo shingo.

4. Ukikuta "siyo tu, bali pia" kwenye kapsheni: futa.

Dogo sasa hivi yuko kwa mzee na daftari. Simu yake nimebaki nayo mimi.