Sikiliza swali la kwanza la mteja

Nilipofungua duka la viatu vya kike, niliandika kwenye daftari: "Wateja wangu: wanawake wa miaka 20 hadi 45." Nikajiona nimeshagawa soko. Mwaka ukaisha rafu zimejaa, droo tupu.

Siku moja waliingia wanawake wawili wa rika moja, majirani, kipato chao hakipishani sana. Mmoja akauliza, "Mpya zimeingia?" Mwenzake akashika kiatu, akaikunja soli kwa mikono miwili, akasema, "Nikisimama nacho kutwa hakitaniumiza?" Kwa kigezo cha umri, jinsia, kipato au mahali wanapoishi, hao ni kundi moja. Kilichowatenga ni manufaa wanayoyafuata kwenye kiatu, na hicho ni kigezo cha tabia ya ununuzi.

Kwa wiki 4 nikaandika swali la kwanza la kila aliyenunua. Kati ya wanunuzi 180, 81 walifuata mtindo mpya, 54 walitaka viatu vya kusimamia kazini, waliosalia walikuwa na sherehe. (Walioondoka mikono mitupu sikuwaandika. Kosa hilo, usilirudie.)

Nusura niwachague wale 81 kwa wingi wao. Hesabu ikanizuia. Tuseme jozi moja nainunua kwa 100 na kuiuza 140. Jozi 12 za mtindo mpya zinakula mtaji wa 1,200. Zikitoka 8, saizi za pembeni zinabaki mpaka mtindo unapitwa, nazo 4 nazitupa kwa 50 kila moja. Jumla 1,320, faida 120. Viatu vya kazini havipitwi haraka: saizi iliyobaki leo itauzwa mwezi ujao. Zote 12 zikitoka kwa bei kamili napata 1,680, faida 480.

Bado kulikuwa na swali la kuwafikia. Huwezi kubandika tangazo kwa "wanaoumwa miguu" usipojua walipo. Hapo vigezo vya kidemografia, yaani umri, jinsia, kipato na kazi, vikarudi kwa mlango mwingine: wengi wa wale 54 walikuwa wauguzi, wahudumu wa mikahawa na wauzaji wa dukani. Tabia ilinionyesha kundi, kazi zao zikanionyesha pa kuwatafuta.

Kujiweka sokoni, yaani kuchagua nitambulike kwa jambo gani machoni pa mteja, ndiko kulikoniuma. Niliandika mlangoni "Viatu vya anayesimama kutwa", lakini dirishani nikaacha visigino virefu kwa kuogopa kupoteza wateja. Muuguzi mmoja alisoma, akatazama dirisha, akacheka, akapita. Nikaviondoa. Mbele nikaweka soli nene, nikaacha sakafu ngumu bila zulia, na kila anayejaribu namwambia atembee dakika 10 kabla ya kulipa. Wapenda mitindo baadhi walinihama, na sikuwafuata.

Daftari bado naliandika. Wiki iliyopita watu 3 waliingia na swali jipya: "Mna vya kiume vya namna hii?" Sijaagiza hata jozi moja. Kwanza nahesabu.