Rekodi fupi zafika, ndefu zapotea: soma vipande vya IP kabla hujabadilisha ruta

Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi ana duka Langoni, hapa Amu, na ghala Malindi. Programu ya stoo iliyoko dukani hutuma rekodi za mauzo kwenye seva ya ghala kwa UDP. Mteja akinunua misumari na mfuko wa saruji, rekodi inafika. Mwenye mjengo akija na orodha ndefu ya mabati, mbao, rangi na mabomba, rekodi haifiki, na wala hakuna kosa linaloonekana kwenye skrini. Kijana ninayefanya naye kazi alishapima laini kabla sijafika. "Ami, ping inaenda vizuri, hakuna inayopotea," akaniambia. Duka lilikuwa limeshaambiwa linunue ruta mpya.

Ushauri wangu kwa mafundi wenzangu uko hapo hapo. Ping ya kawaida hubeba baiti 56 tu za data, kwa hiyo haisemi lolote juu ya mzigo mkubwa. Dalili ikiwa ni kwamba vidogo vinapita na vikubwa vinapotea, usiguse kifaa chochote kabla hujatazama jinsi datagramu inavyokatwa njiani na kama vipande vyote vinafika.

Kila laini ina MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti ya IP inayoweza kupita kwa mkupuo mmoja, kichwa chake kikihesabiwa humo. Ethaneti ya kawaida ni baiti 1500. Laini inayopita kwa PPPoE, kama hii ya duka, huliwa baiti 8 ikabaki na 1492. Rekodi ndefu ya duka ilikuwa na takriban baiti 4000, ndiyo maana nilipima kwa ukubwa huo huo:

```
ping -M dont -c 1 -s 4000 -W 40 10.20.0.5
```

Hapo `-M dont` inaruhusu pakiti ikatwe njiani, na `-W 40` inaifanya ping isubiri sekunde 40. Sababu ya kusubiri hivyo itajulikana mbele.

Tufanye hesabu pamoja, kwa sababu bila hesabu hii hutajua kinachokosekana. Data ni 4000, na kichwa cha ICMP ni 8, jumla 4008. Hizo ndizo baiti za kugawa. Kila kipande lazima kibebe kichwa chake cha IP cha baiti 20, kwa hiyo kwenye Ethaneti ya 1500 nafasi inayobaki ni 1480. Kompyuta ya duka ikakata vipande vitatu, vya 1480, 1480 na 1048.

Kwenye kichwa cha kila kipande kuna mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni kitambulisho, namba ya biti 16 ambayo vipande vyote vya datagramu moja hushirikiana. La pili ni ofseti, inayosema data ya kipande hiki ilianzia wapi katika ile datagramu nzima. La tatu ni bendera ya MF, ambayo ikiwa 1 maana yake bado kuna vipande vingine baada ya hiki, na ikiwa 0 basi hiki ndicho cha mwisho.

Ofseti ina jambo linalowasumbua wengi. Haihesabiwi kwa baiti, bali kwa mafungu ya baiti nane. Sehemu yake kichwani ina biti 13 tu, na biti 13 haziwezi kuhesabu zaidi ya 8191, ilhali datagramu ya IP inaweza kufika baiti 65535. Kwa kuhesabu nane nane, ofseti inafika 65528 na tatizo limekwisha. Gharama yake ni kwamba kila kipande, isipokuwa cha mwisho, lazima kiwe na data inayogawanyika kwa nane. 1480 inagawanyika bila baki, unapata 185. Laini ikiwa na MTU ya 1400, nafasi ni 1380, lakini 1380 haigawanyiki kwa nane, kwa hiyo kipande kitabeba 1376.

Sasa vipande vyetu vitatu vimefika kwenye ruta ya duka na mbele yake kuna laini ya 1492. Nafasi ya data hapo ni 1472. Vile viwili vya 1480 havipiti. Ruta haiviunganishi ili ikate upya kwa mpango mzuri zaidi. Inachukua kila kipande peke yake na kukikata tena, baiti 1472 mbele na baiti 8 zilizobaki nyuma. Baiti nane tu, nazo zinapewa kichwa kizima cha baiti 20! Laini ikawa inabeba vipande vitano:

```
data 1472  ofseti   0  MF 1
data    8  ofseti 184  MF 1
data 1472  ofseti 185  MF 1
data    8  ofseti 369  MF 1
data 1048  ofseti 370  MF 0
```

Tazama kile kidogo cha pili. Ni mkia wa kipande kilichokatwa, lakini bendera yake ni 1, kwa sababu kipande mama hakikuwa cha mwisho. Ruta inapokata kipande chenye MF 1, watoto wake wote hubaki na MF 1. Ingekuwa inaweka 0 kwenye kila mkia, mpokeaji angedhani datagramu imekwisha kwenye baiti ya 1480.

Kuunganisha ni kazi ya mwisho wa safari, yaani mashine ambayo anwani yake imeandikwa kama mpokeaji. Ruta za njiani haziunganishi, kwa kuwa vipande vya datagramu moja vinaweza kupita njia tofauti na hakuna ruta yenye hakika ya kuviona vyote. (Zipo fayawoli zinazoviunganisha ili zikague ndani, hizo ni za pekee.) Seva ya Malindi inapopokea kipande, inatazama anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, namba ya protokoli na kitambulisho. Vinne hivyo vikilingana, kipande kinawekwa na wenzake, kila kimoja mahali ofseti yake inaposema. Hakuna foleni hapo, cha tatu kinaweza kutangulia cha kwanza na hakuna kitakachoharibika.

Seva haijui urefu wa datagramu nzima mpaka kipande chenye MF 0 kifike. Hicho ndicho kinachoufichua. Ofseti 370 mara 8 ni 2960, ongeza data yake 1048, unapata 4008. Kuanzia hapo seva inajua inatafuta baiti 0 hadi 4007 bila pengo, na pengo la mwisho likizibika, datagramu inakabidhiwa juu kwa ICMP au UDP kama vile haikuwahi kukatwa. Kipande cha kwanza kilipofika, saa ilianza kuhesabu. Kwenye Linaksi, kwa kawaida ni sekunde 30. Muda ukiisha na pengo lipo, vyote vilivyofika vinatupwa.

Nilimwomba mlinzi wa seva kule Malindi awashe hii huku mimi nikituma ping kutoka Langoni:

```
tcpdump -vn 'ip[6:2] & 0x3fff != 0'
```

Kichujio hicho kinakamata pakiti yoyote yenye MF au yenye ofseti isiyo sifuri, yaani vipande peke yake. Alichonisomea kwa simu, nikiacha sehemu zisizohusu, ni hiki:

```
id 31742, offset 0, flags [+], length 1492
id 31742, offset 1480, flags [+], length 1492
id 31742, offset 2960, flags [none], length 1068
```

`tcpdump` huonyesha ofseti ikiwa imeshazidishwa kwa nane, na alama ya `+` ndiyo MF. Kitambulisho ni kimoja, cha mwisho kimefika, urefu unajulikana. Lakini kipande cha kwanza kinaishia baiti ya 1471 na kinachofuata kinaanzia 1480. Baiti nane hazipo. Baina ya 2952 na 2960, nane nyingine hazipo. Katika baiti 4008 zimekosekana 16 tu, na kwa ajili hiyo rekodi nzima inatupwa. Baada ya nusu dakika ping yangu ikajibiwa `Frag reassembly time exceeded`, ndiyo sababu ya ile `-W 40`. Jibu hilo hutumwa tu ikiwa kipande cha ofseti sifuri kilifika. Kisipofika, utakaa kimya na mwenzako kimya.

Vilivyopotea ni vile vidogo, vyote viwili, na ping iliyorudiwa ilileta picha ile ile. Laini mbovu haichagui hivyo. Anayechagua ni fayawoli, na kweli mbele ya seva ilikuwepo moja yenye kanuni ya kutupa vipande vidogo ambavyo si vya mwisho. Kanuni hiyo ina maana yake, kwa kuwa vipande vidogo mno vimewahi kutumiwa kuficha vichwa vya TCP visionekane na mkaguzi, hivyo sikumshauri mtu aiondoe. Nilipima kwanza laini inataka nini:

```
ping -M do -s 1464 10.20.0.5
```

`-M do` inakataza kukata. Kwa 1464 inapita, kwa sababu 1464 na 28 za vichwa ni 1492. Kwa 1465 ruta inajibu `Frag needed and DF set (mtu = 1492)`. Kisha kwenye kompyuta ya duka nikaweka MTU ya njia hiyo moja, bila kugusa mtandao wa ndani:

```
ip route replace 10.20.0.0/24 via 10.10.0.1 mtu 1492
```

Mtumaji sasa anakata mwenyewe kwa kipimo cha sehemu nyembamba: 1472, 1472 na 1064, ofseti 0, 184 na 368. Ruta haina cha kukata tena, vile vya baiti nane havizaliwi, na rekodi ndefu zikaanza kuingia ghalani. Ukitaka uhakika kwenye seva, endesha `nstat -az 'IpReasm*'` kabla na baada ya kutuma. `IpReasmOKs` ipande, `IpReasmTimeout` isimame palepale.

Hiyo ni tiba ya njia, na inafaa ukiwa huna ruhusa ya kugusa programu. Aliyeandika programu ya stoo nilimwambia jambo jingine. Katika kipande cha kwanza tu ndimo mnamo namba ya poti ya UDP. Vinavyofuata havina, na fayawoli nyingine huvikataa vyote kwa sababu hiyo hiyo, viwe vikubwa au vidogo. Tena UDP haitumi upya kipande kilichopotea, lazima rekodi yote itumwe upya. TCP haimo sana katika shida hii kwa kuwa inapima na kugawa data yake kabla haijafika kwa IP. Kwa UDP kazi hiyo ni ya mwandishi wa programu: agawe rekodi ndefu katika ujumbe usiozidi baiti 1464 kwa laini kama hii, kila mmoja na namba yake, na seva ijibu kila uliofika.