Usigawe 385 kwa shule 8, kichocho kitakuumbua

"Wakuu, nafanya utafiti wa kichocho cha tumbo kwa wanafunzi wa msingi kandokando ya Ziwa Victoria. Nimekadiria maambukizi 50%, makosa 5%, nikapata watoto 385, nataka kuwagawa kwenye shule 8. DEFF, ile namba ya kuzidishia sampuli kwa kuwa watoto wanatoka shule chache, niweke 1.5? Na wasioleta sampuli niwafidie vipi?"

Simama hapo hapo mkuu, hata vikopo vya choo usinunue kwanza. Hizo shule 8 ndizo zilizonimaliza mimi.

Nilienda hivyo hivyo, shule 8, watoto 50 kila shule, jumla 400, nikajiona nimezidisha hadi na chenji imebaki. Kuna kaka mmoja alikuwa mbele yangu chuoni, anawapigia watu hesabu kwa hela, akaniambia "DEFF weka 1.5 dogo, kila mtu anaweka, hakuna anayeuliza." Aliyeuliza alikuwa mkaguzi wa nje, siku ya kutetea, mbele za watu, na yule kaka simu haipokelewi mpaka leo, bia zangu alikunywa lakini.

Haya ndiyo majibu ya maabara. Kati ya watoto 50 kila shule, wenye mayai ya kichocho walikuwa 38, 35, 30, 22, 16, 12, 8 na 7. Jumla 168, yaani 42%. Nikaandika 42%, ongeza au punguza 5, nikalala usingizi mzuri. Sasa ziangalie tena hizo namba: shule ya ufukweni 76%, ya mlimani 14%. Watoto wa shule moja wanaoga maji yale yale yenye konokono wale wale, kwa hiyo ukishapima 15 wa ufukweni, huyo wa 50 hakuambii jipya, anakumalizia vitendanishi tu. Ukipiga hesabu ya haki, kwa jinsi shule zinavyotofautiana zenyewe kwa zenyewe, makosa yangu hayakuwa 5, yalikuwa 20. Maambukizi ya kweli yangeweza kuwa popote kati ya 22% na 62%. Na enzi hizo mstari wa WHO ulikuwa 50%, ukifika hapo dawa ya prazikwanteli kila mwaka, chini yake mwaka mmoja unarukwa, kwa hiyo utafiti wangu ulishauri vyote viwili kwa wakati mmoja, kipaji hicho.

DEFF haiokotwi, inatoka hapa:

```
DEFF = 1 + (m - 1) * ICC
```

m ni watoto kwa kila shule, ICC ni kiasi gani watoto wa shule moja wanafanana. Kwenye data yangu ICC ilitoka 0.23, weka m = 50 unapata DEFF ya 12. Gawa 400 kwa 12: watoto wangu wote, na safari zote za alfajiri, uzito wao ni wa watoto 33. Wewe ukiweka 1.5 na watoto 48 kwa shule, unasema ICC ni 0.01, yaani shule ya ufukweni na ya mlimani karibu ni sawa. Kwa kichocho? Nenda kamwambie mvuvi yeyote uone atakavyocheka.

ICC yako itafute kwenye utafiti wa zamani wa ukanda huo ulioandika majibu shule kwa shule, siyo ule uliotoa asilimia moja ya wilaya nzima.

Sasa ningefanyaje? Makadirio 40%, makosa 10% badala ya 5:

```
n = 1.96^2 * 0.4 * 0.6 / 0.10^2 = 93
```

Nikichukua 50 kwa shule, 93 mara 12.27 inakuja kama 1,141, shule 23. Nikichukua 15 kwa shule, DEFF inashuka mpaka 4.22, nahitaji 393 tu, shule 27. Umeona? Shule nne za nyongeza zimekuokolea watoto 700 na zaidi wa kusomea slaidi za choo za Kato-Katz, kuhesabu mayai. Na ni wale wale karibu 400 niliopima mimi, ila wametawanywa. ONGEZA SHULE, PUNGUZA WATOTO KWA SHULE, hiyo ndiyo naipigia kelele kila uzi.

Ukiing'ang'ania ile 5% utahitaji shule zaidi ya 100, hapo labda uwe na helikopta. Kama mafuta ya shule 27 huna, punguza eneo, fanya kata za ufukweni peke yake na useme wazi kichwani mwa utafiti, ICC nayo huenda ikashuka kwa sababu shule zitafanana zaidi.

Wasioleta sampuli, chukua 17 kwa shule ili wabaki 15. Ukishapata ICC ilete hapa tuipige pamoja kabla hujalipa dereva.