Maswali Yenu: Nguo za Skii Kutoka Gikomba, na Lenzi ya Siku ya Mawingu

Julai naenda Lesotho kujifunza skii. Nina hudi tatu nzito za pamba na jaketi la ngozi la pikipiki. Si zinatosha? – Msomaji, Kasarani

Hudi ziache nyumbani, hata ile unayoipenda. Anayejifunza hulowa pande mbili: nje kwa sababu anaangukaanguka, ndani kwa sababu kuinuka na kupanda kilima kwa miguu na buti zile ni kazi ya jasho. Pamba hunywa jasho hilo na kulishikilia mwilini. Ukisimama dakika kumi kumsubiri mwalimu, maji hayo yanakufyonza joto kuliko hewa ya baridi yenyewe.

Vaa tabaka tatu. La kwanza ni fulana ya mikono mirefu inayobana mwili, ya poliesta au sufu ya merino. Kazi yake ni kuliondoa jasho kwenye ngozi. La pili ni flisi ya kawaida, nayo ndiyo inayotunza joto. La tatu ni jaketi jepesi lisilopitisha maji wala upepo, lenye zipu za kwapani ukilipata.

Vyote hivi vipo Gikomba, ila jaketi likague kwa makini. Ligeuze nje-ndani utazame mishono: juu yake huwa na utepe mwembamba uliogandishwa. Ukiukuta umebanduka au unamenyeka kama gamba la kitunguu, rudisha, maji yatapita hapo hapo. Matone ya maji yakisambaa juu ya kitambaa badala ya kubingirika, hilo peke yake si kasoro kubwa. Dawa ya kupuliza ya kuzuia maji huirudisha hali hiyo. Utepe uliokufa ni vigumu kuufufua.

Kipimo cha mavazi ni hiki: ukitoka nje asubuhi uhisi kibaridi kidogo. Ukiwa umestarehe kabla hujaanza, ukianza kujifunza utatota jasho.

Na miguuni? Soksi mbili mbili? – Mama Wawili, Umoja

Moja tu, ndefu hadi chini ya goti, isiyo ya pamba. Soksi mbili hujikunja ndani ya buti, huchubua, na zikibana damu haifiki vidoleni, basi miguu inapoa zaidi. Suruali ya ndani nayo iishie juu ya buti, isiingie ndani. Ukichagua snoubodi, ule ubao mmoja wa miguu yote miwili, tumia pesa kwenye suruali ya nje na glavu kabla ya jaketi, maana utakaa chini kwenye theluji kila unapofunga mguu kwenye ubao.

Nilikuwa Austria Desemba. Nilinunua miwani ya lenzi nyeusi inayong'aa kama kioo. Siku ya mawingu sikuona tuta hata moja, nikawa naanguka tu. Shida ni macho yangu? – Msomaji, South C

Macho yako hayana neno. Siku ya mawingu mazito mwanga hutoka kila upande, kwa hiyo tuta halitoi kivuli, na bila kivuli theluji yote ni shuka jeupe. Lenzi yako ikapunguza hata ule mwanga kidogo uliobaki.

Siku kama hiyo unataka lenzi ya njano, waridi au kahawia ya dhahabu. Rangi hizi huzuia sehemu ya mwanga wa buluu unaotawanyika mawinguni, hivyo tofauti ndogo za theluji zinajitokeza. Lakini rangi pekee isikudanganye. Tafuta alama kwenye fremu au boksi: S1 hupitisha mwanga asilimia 43 hadi 80, S2 asilimia 18 hadi 43, S3 asilimia 8 hadi 18. Yako nadhani ni S3, nayo ni nzuri sana kwa jua kali.

Mwenye uwezo wa kununua moja tu achukue S2 ya waridi. Anayekwenda Lesotho, ambako majira ya baridi huwa makavu na jua la zaidi ya mita 3,000 halina huruma, mimi ningempa S3. Na ukungu ukishuka kabisa, hakuna lenzi itakayokuchorea kivuli kisichokuwepo: punguza mwendo, fuata nguzo za pembeni mwa njia.

Lenzi ya polaroidi ina faida? – Msomaji, Ngara

Hupunguza mng'ao vizuri. Ubaya wake, mng'ao huo huo ndio unaokuonyesha barafu iko wapi. Anayeanza hana haja ya kuilipia.

Miwani yangu hujaa mvuke kila saa. Naifuta, unarudi. – Msomaji, Rongai

Kufuta ndiko kunakoiharibu. Upande wa ndani umepakwa dawa ya kuzuia mvuke, na ikiwa imelowa hukwanguka kwa kitambaa chochote. Kung'uta maji, iache ikauke yenyewe. Usiipandishe kwenye paji la uso ukipumzika, maana jasho la hapo ndilo linaloijaza. Iweke juu ya helmeti. Skafu pia isizibe matundu ya hewa ya chini, la sivyo kila pumzi itapanda moja kwa moja kwenye lenzi.